Mgeni akikwama, usikimbilie Kifaransa: punguza Kiswahili, kisha kipandishe

Kuna tabia moja ambayo wakaaji wa Mashariki ya Kongo wanaiona kuwa heshima, kumbe inamfunga mgeni. Mtu anatoka Kinshasa, Mbandaka au Matadi, anapewa kazi Kindu au Kalemie, anajikaza kuuliza swali lake la kwanza kwa Kiswahili. Anatafuta neno, anasitasita. Mwenyeji anamwonea huruma na kumjibu kwa Kifaransa. Kesho inakuwa vilevile. Baada ya miaka miwili yule mgeni bado anajua kusalimia, kuhesabu pesa na kusema asante, basi.

Watu husema kwamba mgeni huyo ni mvivu, au kwamba wa Kinshasa hawapendi Kiswahili. Mara nyingi kosa haliko kwake. Liko kwa wanaomjibu. Mtu mzima hajifunzi lugha kwa maswali anayoyauliza tu. Anajifunza hasa kwa majibu anayopewa. Majibu yakija kwa lugha nyingine, hakuna alichopata. Yakija kwa Kiswahili kigumu kupita uwezo wake, hakuna alichopata pia. Na yakibaki mepesi siku zote, atasimama palepale alipofika mwezi wa pili.

Njia iliyo bora ni ya katikati. Lugha ibaki moja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, lakini majibu yawe yanapanda polepole kadiri mgeni anavyopanda. Wazo hili si geni duniani. Maximilian Berlitz alifungua shule yake huko Marekani mwaka 1878, na kanuni yake ilikuwa kwamba mwalimu anasema lugha inayofundishwa peke yake, akianza na vitu vinavyoonekana mezani. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Stephen Krashen, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba mtu anapata lugha akisikia maneno anayoyaelewa, yakiwa na kitu kidogo tu kilicho juu ya uwezo wake wa sasa. Shida ni kwamba kanuni hiyo inasemwa kwa urahisi na kutendwa kwa shida. Mtu anayekaa Mikelenge na hajawahi kuwa mwalimu atajuaje "kidogo tu" ni kiasi gani?

Jibu moja, siku tano

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu fulani, ni mfano wa kuonyesha kazi yenyewe. Muuguzi wa kike anatoka Kinshasa, anajua Lingala na Kifaransa, amepangwa katika hospitali moja ya Kindu. Amepanga chumba kwa mama mmoja mzee katika komine ya Mikelenge. Kila jioni wanakaa nje karibu na moto wa makaa, na muuguzi ana swali moja analoliweza: "Mama, leo ulinunua nini ku soko?"

Wiki ya kwanza mama anajibu: "Samaki. Nilinunua samaki." Anainua samaki, anaonyesha. Kisha anauliza swali lenye njia mbili: "Hii ni samaki ao ni nyama?" Muuguzi anajibu kwa neno moja, na neno hilo linatosha.

Wiki ya tatu, swali lilelile linapata jibu lingine: "Nilinunua samaki mbili na muchele. Muchele iko bei kali leo." Sentensi ni mbili, fupi, kila moja imesimama peke yake. Kitu kipya ni kimoja tu, bei kali, na mama anakisema akitikisa kichwa na kuhesabu franga mkononi, hata asiyejua neno anakisia.

Mwezi wa pili: "Nilitaka samaki, lakini ilikuwa kidogo kidogo, njo maana nilinunua sombe." Maneno yote muuguzi anayajua tayari. Kilichoongezeka ni fundo la sentensi: jambo lililotakiwa, sababu iliyolizuia, na lililofanyika mwishoni. Sikio lake sasa linabeba mambo matatu kwa pumzi moja.

Mwezi wa nne: "Kama mutumbwi ya Alunguli ingefika mapema, ningenunua samaki. Nilingoya mpaka juwa ikawa kali, nikarudia na sombe." Hapa kuna kitu ambacho hakikutokea. Mutumbwi haukufika mapema na samaki hakununuliwa, ingawa sentensi inataja vyote viwili. Mgeni asiyezoea "inge" na "ninge" atasikia kwamba mutumbwi ulifika na samaki imenunuliwa, na atangoja samaki sahanini.

Mwezi wa sita mama hapunguzi tena mwendo: "Ule mama wa samaki aliniambia ati nirudi kesho, ataniwekea. Mie nilimwangalia tu." Maneno ni rahisi, lakini maana imejificha kwenye "ati" na kwenye kule kuangalia. Mama hamwamini yule muuzaji, na hajasema hivyo popote. Muuguzi akicheka hapo, amefika.

Katika miezi yote hiyo Kiswahili ni kimoja, soko ni moja, na swali ni lilelile. Mama hakubadilisha mada ili kuongeza ugumu. Alibadilisha umbo la jibu. Huo ndio ufundi wenyewe, na hauhitaji diploma. Mada inayojulikana inamsaidia mgeni kukisia kile asichokijua. Mama angeanza habari ya uchaguzi au ya shamba la mjomba wake huku akipandisha na sentensi, muuguzi angepoteza vyote viwili.

Ongeza kitu kimoja tu

Kutokana na mfano huo inatoka kanuni ambayo wengi wanaivunja bila kujua. Jibu linaweza kuwa gumu kwa njia tatu: kwa maneno mapya, kwa sentensi ndefu zaidi, au kwa mwendo wa haraka. Usipandishe zote kwa pamoja. Ukileta neno jipya, liweke ndani ya sentensi fupi iliyozoeleka. Ukileta sentensi ya kuunganika, ijaze maneno ya zamani. Ukitaka kuharakisha, sema mambo ambayo mgeni ameshayasikia ukiyasema taratibu.

Kuhusu maneno mapya kuna kipimo kinachosaidia. Mwaka 2000 watafiti Marcella Hu na Paul Nation walichapisha uchunguzi kuhusu watu wanaosoma hadithi katika lugha ya kigeni. Waliona kwamba ili msomaji aelewe vizuri bila msaada, anahitaji kujua karibu maneno 98 kati ya 100. Hiyo ni kusoma, na msomaji yuko peke yake. Katika mazungumzo mgeni ana uso wako, mikono yako na sufuria iliyo mbele yake, kwa hiyo anaweza kubeba mapya zaidi. Hata hivyo kipimo hicho kinashtua. Mwenyeji anayesema sentensi ya maneno kumi na kutia manne yasiyojulikana anadhani amesaidia, kumbe amemwaga maji pembeni ya dumu.

Kujua wakati wa kupandisha nako kuna alama zake. Alama ya uongo ni "ndiyo". Mgeni mwenye adabu atasema ndiyo, ndiyo, huku hajashika chochote, kwa sababu anaona haya kuuliza mara ya tatu. Usimwulize kama ameelewa. Mwulize swali ambalo "ndiyo" haiwezi kulijibu. Baada ya ile hadithi ya mutumbwi, mama angeuliza: "Sasa tutakula nini?" Muuguzi akisema "sombe", ameshika. Akisema "samaki", mama amejua palepale kwamba "inge" haijaingia, na kesho atairudia kwa mfano mwingine.

Alama ya kweli ni kwamba mgeni anajibu bila kungoja, anatumia umbo uliloleta wiki iliyopita, na anaanza kuuliza maswali yake mwenyewe juu ya ulichosema. Hayo yakionekana jioni tatu mfululizo, ongeza kitu kimoja. Yakipotea, na mgeni akaomba urudie kila sentensi, shuka ngazi moja na ukae hapo siku chache. Kushuka si aibu. Hata mtu mzima aliyechoka kazini anashuka jioni ile, na kesho asubuhi anapanda tena.

Akikwama kabisa

Hapa ndipo Kifaransa kinapoingia mlangoni bila kubisha. Mgeni amekodoa macho, kimya kimekuwa kirefu, na mwenyeji anataka kumwokoa. Lakini kabla ya kuiacha lugha kuna mambo manne ya kujaribu, na yanachukua nusu dakika.

Kwanza, rudia sentensi ileile, taratibu kidogo, ukitenganisha maneno. Usipaze sauti, maana mgeni si kiziwi. Pili, badili neno moja ambalo unashuku kwamba ndilo limemkwaza. Tatu, kata sentensi katikati iwe mbili. Nne, onyesha, au mpe njia mbili achague: ni hii ao ile?

Kisha kuna la tano, ambalo karibu kila mtu analisahau. Mgeni akishaelewa, rudi kwenye sentensi ya kwanza uiseme nzima, kwa mwendo wake wa kawaida. Bila hilo, atakumbuka ishara ya mkono na kusahau maneno. Akiisikia tena wakati maana tayari iko kichwani, sikio linaunganisha sauti na maana, na hapo ndipo lugha inapoingia.

Kuna jambo moja la kukataa: kuvunja Kiswahili ili kiwe chepesi. "Weye kwenda soko, mimi bakia" si Kiswahili rahisi. Ni Kiswahili kilichovunjika, na mgeni atakijenga hivyohivyo. Historia inajua hilo. Huko Kenya wakati wa ukoloni, walowezi wa Kizungu walitumia Kiswahili chao cha kuwaamuru wafanyakazi wa nyumbani na mashambani, kilichoitwa Kisetla. Kilitosha kwa amri, na wengi walizeeka nacho bila kuweza kufuata mazungumzo ya watu wawili. Sentensi fupi inaweza kuwa kamili. "Mimi nabakia. Weye unaenda ku soko" ni fupi kama ile nyingine, na haina kilichokatwa.

Vivyo hivyo, kupanda ngazi kusigeuke kuhama Kiswahili. Wapo wanaoanza na mgeni kwa Kiswahili cha nyumbani, halafu wakiona ameendelea wanaanza kumsahihisha kwa Kiswahili cha vitabu vya Tanzania. Jana "niko na mutoto" ilikuwa sawa, leo anaambiwa ni kosa, aseme "nina mtoto". Mgeni anadhani amerudi nyuma, kumbe amehamishiwa mtaa mwingine. Kiswahili cha Kindu kina ngazi zake zote ndani yake, kuanzia "samaki" hadi "mie nilimwangalia tu". Kile cha vitabu kina faida yake, na muuguzi atakihitaji akitaka kusoma barua ya serikali ya Dodoma. Lakini wagonjwa wake hawazungumzi hivyo. Mwache apande ngazi moja hadi juu kwanza.

Mtoto analia

Huenda mtu akauliza: kwa nini kujisumbua hivyo, wakati Kifaransa ni lugha rasmi na kila hospitali ina mtu wa kutafsiri? Katiba ya 2006 inaipa Kifaransa nafasi hiyo, ni kweli, na katiba hiyohiyo inataja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Chiluba kuwa lugha za taifa. Lakini mama anayetoka upande wa Alunguli na mtoto mgongoni hakubeba katiba. Anabeba maneno yake.

Tumrudie muuguzi wetu. Mama huyo anamwambia: "Mutoto analia usiku muzima." Kwa Lingala, "kolia" ni kula. Mtu wa Kinshasa akisikia "analia" haraka haraka, sikio lake la zamani linamwambia kwamba mtoto anakula usiku mzima. Mtoto anayekula usiku mzima hana shida kubwa. Mtoto anayelia usiku mzima anahitaji kupimwa. Maneno mawili yanafanana sauti, lugha mbili ni ndugu, na undugu huo ndio unaodanganya. Mgeni kutoka Ubelgiji asingekosea hapo, kwa sababu asingedhani kwamba anajua.

Kosa la pili ni la saa. Muuguzi anaandika kwamba dawa inamezwa kila baada ya masaa nane. Anamwambia mama: "Ameze saa nane." Kwa Lingala, "ngonga ya mwambe" ni saa ya nane kwa hesabu ya saa ya ukutani, na yeye amezoea hivyo. Mama wa Kindu akisikia saa nane anaangalia jua likiwa limepita utosi, maana saa nane ya Kiswahili ya mchana ni saa 14 ya Kifaransa. Basi mtoto anapata dawa mara moja kwa siku badala ya mara tatu. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyezembea. Neno moja dogo limepotea: "kila".

Makosa kama hayo hayaonekani kwa mtu anayejibiwa Kifaransa kila akisitasita, kwa sababu hakutani nayo. Hayaonekani pia kwa mtu ambaye mama mwenye nyumba bado anamjibu "samaki" katika mwaka wa pili. Yanaonekana jioni, penye makaa, mahali ambapo kosa linazaa kicheko na si kaburi. Mama anasema mjukuu wake alilia sana jana. Muuguzi anauliza alikula nini. Mama anashangaa, anajifuta machozi ya uongo kwa kidole: "Hapana mwanangu, alilia. Machozi. Hakula." Kisha anarudia yote: "Mutoto alilia usiku muzima, hakula kitu." Sentensi hiyo moja, iliyosemwa na mama asiye na cheti chochote, ina thamani kuliko saa kadhaa za darasa.

Lazima isemwe pia wapi njia hii inakoma. Mgonjwa akiwa mbele yako na mambo hayaeleweki, usifanye mazoezi ya lugha. Mwite mwenzako atafsiri, tumia Kifaransa, tumia Lingala, tumia chochote kinachookoa muda. Muuguzi anayeng'ang'ania Kiswahili cha mwezi wa pili juu ya mtu anayetokwa damu anakosea kabisa. Kanuni ya lugha moja ni ya mahali pa kujifunzia: nyumbani, sokoni, kwenye mtumbwi, kwenye mapumziko ya chai. Hospitalini ni mahali pa kutumia kile ambacho tayari kimeshikwa, na kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake alichoambiwa. Mama akiulizwa, "Basi utamupa dawa mara ngapi kwa siku?" na akajibu "mara moja", kosa la saa nane linakamatwa kabla hajavuka mto.

Na si kila mtu anaweza kumpandishia mgeni majibu. Mwenye duka lenye foleni hana nafasi hiyo. Mtoto wa miaka kumi hupenda kusahihisha na kucheka kuliko kungoja. Anayefaa ni mtu anayemwona mgeni karibu kila siku, anayekumbuka alichosema jana, na asiyeona kimya cha sekunde tano kuwa msiba. Mtu mmoja wa namna hiyo anatosha. Watu wanane wanaojibu kila mmoja kwa kiwango chake hawajengi ngazi, maana mmoja anaweka juu, mwingine anaweka chini, na mgeni anarukaruka tu.

Huruma ya kweli

Wakaaji wa Mashariki wanajisifu kwa ukarimu, na wana haki. Lakini ukarimu wa kumkimbizia mgeni Kifaransa unafanana na ule wa kumlisha mtu kijiko mdomoni wakati ana mikono miwili. Unampumzisha leo na kumwacha mgeni daima. Mwenyeji naye anapoteza kitu: anaishi na jirani ambaye hatajua kamwe alipomwangalia tu yule mama wa samaki.

Ukali nao haufai. Wapo wanaosema, "Umekuja kwetu, sikia lugha yetu," halafu wanamwaga maneno kama mvua ya mwezi wa kumi na moja. Huyo hajafundisha, ameonyesha tu kwamba yeye ni mwenyeji. Mgeni atarudi kwa wenzake wa Lingala, na mwisho wa wiki watu watasema tena kwamba wa Kinshasa wana kiburi.

Kinachohitajika ni kidogo na kigumu kidogo. Mashirika na hospitali zinazopeleka watu Mashariki zinaweza kumtafutia kila mfanyakazi mpya mtu mmoja wa nyumba au wa kazi wa kuzungumza naye nusu saa kila siku, na kumweleza mtu huyo mambo matatu: usiache Kiswahili, usikivunje, na usikae palepale. Hilo halina gharama ya vitabu. Familia zinazopangisha vyumba zinaweza kuanza hata bila shirika.

Na mama wa Mikelenge ana kipimo chake cha kujua kama kazi imefanyika. Siku moja atamjibu muuguzi vibaya kwa makusudi: "Leo soko haikuwa na kitu, nilirudia mikono mitupu." Muuguzi ataangalia sufuria inayochemka, atanusa, na kusema: "Mama, na ile samaki inayonukia, imejipika yenyewe?" Hapo majibu hayahitaji tena kupandishwa.